Shairi la foleni limguse na mwenye gari binafsi

Mhariri, nimesoma habari yenu ya lile shairi la kejeli kuhusu foleni linalosomwa redioni asubuhi, na mi naona limewaonea bodaboda na makonda wa daladala tu. Juzi nilikua kwenye mwendokasi kutokea Kimara tumesimama wima tumebanana, basi limeganda katikati ya njia yake yenyewe, kumbe mbele kuna gari binafsi imeingia humo kukwepa foleni ya Morogoro Road na sasa haitoki, na dereva wake ndo anapiga honi! Mtu mmoja kachelewesha basi zima.

Huyo ndo wa kuimbwa. Tena mtunzi aache yale mashairi huru marefu, msikilizaji yupo kwenye kelele hashiki kitu, atunge kwa vina na mizani 8 kwa 8, ubeti mmoja tu kila asubuhi na urudiwe mara mbili, mfano:

Honi wapiga ya nini, na mbele hakupitiki,
Wajipenyeza njiani, mwa mabasi hubanduki.

Hiyo hata konda ataishika, na atamwimbia mhusika dirishani pale pale Ubungo.

Msikilizaji, Kimara