YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATANGI YA MAJI YA JENGO, NA JINSI NILIVYOJIBIWA MAPOKEZI

Meneja,
Ofisi ya Usimamizi wa Jengo,
Dar es Salaam.

3 Machi 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza mnazo, na masharti ya upangaji mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Nianze na Jumatatu tarehe 10 Februari, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nilishuka mapokezi na chupa ya maji ya bomba langu la jikoni. Ulifungua kizibo, ukanusa, ukacheka, ukayamwaga kwenye chungu cha maua pale mlangoni. Kisha ukaniambia, "Mwalimu, kama maji haya hayakufai, chimba kisima." Chupa ukanirudishia tupu.

Maji yale yalikuwa na sababu ya kuletwa. Jumamosi ya tarehe 8 fundi wenu alipanda juu ya paa kutia klorini kwenye matangi mawili ya lita 5,000. Hatukuarifiwa. Mama mkwe wangu, mzee wa miaka 78, alitawadha kwa ajili ya magharibi, akatoka bafuni macho mekundu, anakohoa. Doti ya khanga niliyokuwa nimeiloweka ina mabaka meupe mpaka leo.

Nilimfuata fundi papo hapo na nikamuuliza ametia kiasi gani. Kijana ni muungwana, alinieleza bila kuficha. Alitia robo kilo ya klorini ya unga katika kila tangi, akakoroga, akachota maji kidogo na kuweka kidonge cha DPD, kile kinachoonyesha klorini kwa rangi ya pinki, kama alivyoagizwa. Maji yakawa ya pinki kufumba na kufumbua, halafu yakarudi meupe. Akaamini klorini haipo, akaongeza robo nyingine.

Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka 22, naomba mnisikilize hapa tu. Klorini ikizidi mno, inaila ile rangi ya kidonge. Maji yaliyojaa klorini yanaonekana sawa na maji yasiyo nayo kabisa. Dalili ni huo upinki unaotokea na kupotea, pamoja na harufu inayopanda puani. Dawa yake ni kuchanganya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, kupima tena, kisha kuzidisha jibu kwa 10. Nusu kilo ya unga wenye asilimia 65 ya klorini ndani ya lita 5,000 ni miligramu 65 kwa lita. Dozi ya kawaida ya maji ya kunywa ni kama miligramu 1, yaani gramu 8 za unga ule kwa tangi zima, kama vijiko viwili vya chai tu. Kijana hakufundishwa. Aliyemtuma ndiye wa kuulizwa.

Na kwa nini alitumwa? Kwa sababu tangu Novemba maji yananuka udongo na asubuhi yale ya kwanza yanatoka na utelezi. Barua yangu ya kwanza ilisema hivyo. Mlijibu kwamba maji ya mtaani ni machafu. Si kweli. Nimepima yanapoingia getini siku ya mgao: miligramu 0.4 kwa lita. Jikoni kwangu, wiki mbili kabla ya hiyo Jumamosi, hakuna kitu, na wiki iliyopita nimepima tena, hakuna kitu. Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue 0.2 pale mtu anapochota. Inapotelea wapi kati ya geti na ghorofa ya 7? Ndani ya matangi yenu.

Mita ya getini inasomeka uniti 6 kwa siku kwa wastani, yaani lita 6,000, kwa sababu zaidi ya nusu ya nyumba hazina watu. Tangi la chini lina vyumba viwili vya lita 30,000 kila kimoja, ukijumlisha na ya juu ni lita 70,000. Gawanyeni. Maji yanakaa karibu siku 12 kabla ya kufika kwenye sufuria ya mtu. Huo ni wastani tu, maana bomba la kuingiza na la kuvutia yapo kona moja: maji mapya yanaingia na kutoka hapohapo, ya upande wa pili yamelala. Klorini haingoji siku 12, hasa kwenye joto letu na juu ya tope la miaka.

Mtasema matangi lazima yajae kwa ajili ya mgao. Nakubali, lakini kwetu maji hayajawahi kukatika zaidi ya siku nne. Siku nne ni lita 24,000. Fungeni valvu ya kati, kausheni chumba kimoja cha chini na tangi moja la juu. Mtabaki na lita 35,000, zinatosha, na umri wa maji unarudi siku 6 hivi. Chumba kilichokauka kisafisheni, kisha badilishaneni, wala hakuna atakayekosa maji.

Kusafisha si kumwaga klorini juu ya tope. Tope linatolewa kwanza, kuta zinasuguliwa kwa brashi, zinasuuzwa, maji yale yanatolewa yote. Ndipo inakuja klorini ya miligramu 50 kwa lita, inakaa saa 24, inamwagwa, linajazwa upya na kupimwa kabla ya kufunguliwa. Na msimshushe mtu peke yake mle chini. Hewa ya tangi lililofungwa inaweza kumwangusha kabla hajaita. Mfuniko umepasuka, bomba la kumwagia ziada halina wavu, mende wanaingia watakavyo.

Nilikuja kuyasema haya yote tarehe 10, kwa adabu. Watu wanne walikuwa wanangoja lifti, mmoja nilimfundisha kidato cha tatu. Ulinusa, ukacheka, ukamwaga mbele yao. Na baada ya lile neno la kisima ulimgeukia mlinzi ukasema, "Mpe mwalimu chaki." Mlinzi hakucheka. Mwanafunzi wangu aliangalia chini. Mimi nilisimama na chupa tupu kama mtoto aliyetumwa dukani bila hela.

Nilikusudia kuomba usafi wa matangi tu na taarifa ya saa 48 kabla ya kutia dawa. Sasa naongeza: vipimo vya klorini vya kila wiki vibandikwe ubaoni, na nirudishiwe ada ya huduma ya Februari. Hapana, tangu Novemba, miezi minne, maana maji ya kunywa nimenunua mwenyewe muda wote huo. Na uniombe radhi palepale mapokezi, watu wakiwapo.

Nawapa siku 14. Zikipita, ada ya Machi siilipi, na chupa inayofuata haitaletwa kwako. Itakwenda kwa afisa afya wa manispaa pamoja na nakala za barua zote tatu, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 mtaisomeshwa na yeye.

Mpangaji,
Ghorofa ya 7

Nakala: Wapangaji wote, kwenye ubao wa matangazo. Mkiibandua, ninazo nyingine 30.