Kipimo kina mistari miwili, dawa umemaliza, homa haikati: kwa nini tunakuomba damu ya slaidi

Wateja wengi wanaoingia maabara yetu hapa Liwale mjini wana ombi moja: "Nipimie malaria, ile ya haraka haraka." Hatuwalaumu, maana Lindi na Mtwara malaria bado ipo nyingi na homa ikipanda ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ila wapo tunaowaketisha kwanza na kuwauliza mambo ambayo hawakuyatarajia. Umetoka porini lini? Mbung'o wamekuuma? Homa hii ina wiki ngapi? Usiku unapata usingizi? Baadhi hununa, wakidhani tunatafuta njia ya kuwauzia kipimo cha pili. Hapa tunaeleza tunachokitafuta.

Tunatafuta malale. Huo ni ugonjwa unaoletwa na kimelea aitwaye tripanosoma, ambaye mbung'o humwacha mwilini anapokunyonya damu. Malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati hwenda polepole, mtu anaweza kukaa nayo miaka. Ya huku kwetu mashariki ni ya haraka: dalili huanza ndani ya wiki chache, na asiyetibiwa mara nyingi hufa kabla ya miezi sita kwisha. Kimelea huyu hukaa kwa wanyamapori kama pongo, na hata kwa ng'ombe ambaye ukimtazama unamwona mzima kabisa.

Tuseme ukweli, wagonjwa wanaoripotiwa Tanzania nzima ni wachache kwa mwaka, na mikoa inayotajwa zaidi ni Kigoma na Tabora. Lakini wilaya yetu imepakana na Pori la Akiba la Selous, na mbung'o si wageni kwetu. Wazee wa Kingindo wanajua habari za miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipohamisha watu kutoka vijiji vya upande wa pori, na sababu iliyotolewa ilikuwa malale. Uchache wenyewe una ubaya wake: ugonjwa ambao mhudumu hajauona tangu atoke chuoni, hata ukikaa mbele yake hataukumbuka.

Tuchukue mfano wa mrina asali. Anaingia porini siku kumi, mbung'o wanamuuma mchana kutwa, kwa sababu mdudu huyu huuma mchana na neti ya kulalia haimhusu. Anapenya hata shati jepesi, hasa la rangi ya buluu iliyoiva au nyeusi. Vitambaa vya mitego ya mbung'o vimeshonwa kwa rangi hizo hizo kwa kuwa zinamvuta. Pia hufuata kinachotembea, ndiyo maana wenye pikipiki wanaumwa kuliko aliyekaa kimya kivulini. Mbung'o wengi hawana kimelea, kwa hiyo kuumwa peke yake si kuugua. Mrina asali wetu anarudi nyumbani na kuendelea na shughuli zake.

Wiki moja hivi baada ya kuumwa, anatokewa na kivimbe begani. Chekundu, kigumu, kinauma, upana wake sentimita tatu au nne. Anadhani jipu, anakikanda kwa maji ya moto, lakini hakitungi usaha. Baada ya wiki mbili au tatu kinanywea chenyewe na kuacha ngozi inayobanduka. Hicho kivimbe ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu homa inapokolea mtu hana habari nacho tena. Wengine hawakipati kabisa, kwa hiyo kutokuwa nacho hakumwondoi mtu kwenye shaka.

Homa inaanza. Kichwa kinagonga, viungo vinauma, mwili unawasha bila vipele. Anakwenda dukani, anapimwa, mistari miwili, anapewa dawa ya mseto ya siku tatu. Homa inashuka siku mbili, inarudi. Anapimwa tena baada ya wiki moja, mistari miwili tena. Dozi ya pili ya mseto. Homa ipo palepale. Sasa anaambiwa ni taifodi, anameza vidonge vya wiki nzima. Wiki ya tano anasinzia tonge likiwa mkononi.

Hapo kwenye mistari miwili ndipo panapopoteza watu wengi, na tungependa mpaelewe vizuri. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sana hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinanusa protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa kuwaua wote. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa juzi akipimwa leo anaweza kuonyesha mistari miwili hali malaria imeshakwisha. Isitoshe, katika mkoa wenye malaria kama wetu, mtu anaweza kuwa na malaria ya kweli na malale kwa pamoja. Na mstari ukiwa mmoja, maana yake ni kwamba malaria haikuonekana, basi. Kipimo kile hakijui tripanosoma ni nini. Vile vipimo vya haraka vya malale vinavyosikika navyo vimetengenezwa kwa aina ya Magharibi. Kwa aina ya huku havitusaidii.

Zamani, kabla vipimo vya haraka havijaenea, kila mwenye homa alikuwa anatolewa damu ya slaidi, na mtaalamu aliyekuwa akitafuta malaria angeweza kumkuta tripanosoma bila kumtafuta. Vipimo vya haraka vimeokoa watu wengi, hatuvisemi vibaya, tunavitumia kila siku. Ila bahati ile imepotea, na sasa malale lazima mtu ayakumbuke ndipo ayatafute.

Ndiyo maana mrina asali wetu tunamwomba slaidi. Tone la kwanza tunaliangalia bichi, palepale, bila rangi, limefunikwa kwa kijikioo chembamba. Tripanosoma aliye hai haachi kucheza: mara nyingi kinachoonekana kwanza ni chembe nyekundu za damu zikitikisika bila sababu, ukitulia unamwona mwenyewe anajipinda katikati yake kama funza mwembamba. Lazima tuangalie haraka, kwa kuwa damu ikikauka au ikipigwa jua anakufa, na akishakufa hatumtambui tena kwa kucheza kwake. Kwa hiyo tafadhali usituletee damu iliyotolewa kijijini asubuhi ikafika kwa bodaboda saa nane mchana. Njoo wewe mwenyewe.

Tone la pili tunalitandaza nene na kulitia rangi ya Gimsa, ileile ya malaria, kisha tunalisoma kwa lenzi kubwa. Vimelea wakiwa wachache, tunajaza damu kwenye kijimrija chembamba na kukizungusha kwa mashine ili chembe nzito zitue chini, halafu tunaangalia mpaka kati ya damu na maji yake, maana vimelea hukusanyika hapo. Njia hii inaona kuliko tone, kwa sababu inachuja damu nyingi zaidi.

Aina ya huku kwetu ina nafuu moja, kwamba vimelea kwa kawaida huwa wengi kwenye damu. Lakini idadi yao hupanda na kushuka siku hadi siku. Slaidi moja isiyo na kitu haimalizi maneno. Kama umetoka porini na homa ina wiki tatu, tutakuomba urudi kesho na keshokutwa, ikiwezekana wakati homa imepanda. Hatukuombi urudi kwa sababu tulikosea jana.

Sasa kuhusu usingizi, kwa kuwa jina la ugonjwa linawafanya watu wamngojee mgonjwa alale ndipo washtuke. Kusinzia huja vimelea wakishaingia kwenye ubongo. Na si kulala tu, usingizi wenyewe unageuka. Mchana mtu anasinzia anapoongea nawe, usiku yuko macho, anazunguka ua, anafungua mlango. Mpole anakuwa mkali. Mtu makini anasahau pesa alizopewa dakika ileile. Mikono inatetemeka, mwendo unayumba. Nyumbani watasema ameingiliwa, na wiki mbili zinapotelea kwa mganga. Hatuna ugomvi na waganga. Tunaomba damu ipimwe kwanza, kwa kuwa tofauti ya wiki mbili kwenye ugonjwa huu ni kubwa.

Kwenye damu tukimwona tripanosoma, kazi yetu inaishia hapo, na tunakuambia hivyo waziwazi. Dawa za malale hatuuzi, na duka lolote likikuambia linazo, shituka. Hutolewa na Shirika la Afya Duniani bila malipo kupitia hospitali. Tunaandika barua ya rufaa siku hiyohiyo na kutoa taarifa kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Hospitali inaweza kuchukua maji ya uti wa mgongo: yakikutwa na tripanosoma, au chembe nyeupe zaidi ya tano kwa kila maikrolita, ina maana ugonjwa umefika kwenye ubongo. Kwa miaka mingi aliyefika hatua hiyo alitibiwa kwa melasoprol, sindano yenye asili ya aseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya waliochomwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umeweka mbele vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa siku kumi pamoja na chakula chini ya uangalizi, kwa mwenye umri wa kuanzia miaka 6 na uzito wa kuanzia kilo 20.

Malipo ya slaidi kwetu ni yaleyale, tuangalie malaria peke yake au na malale. Hatuhitaji kumpima kila mwenye homa. Tunamtaka aliyekaa porini au kuishi kando ya pori, mchungaji, mpasua mbao, mlinzi wa wanyamapori, mpishi wa kambi, ambaye homa yake imerudi baada ya kumaliza dozi, au ana kivimbe kisichotunga usaha, au mitoki imemvimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, au ameanza kusinzia mchana.

Ukija, beba maganda ya dawa zote ulizomeza tangu homa ianze, na jaribu kukumbuka siku uliyotoka porini. Mgonjwa anayesinzia asije peke yake, wala asiendeshe pikipiki. Aje na mtu anayelala naye nyumba moja, kwa sababu ukimuuliza mwenyewe kama anazunguka usiku atakuambia alilala vizuri.