Barua ya malalamiko: kasi iliyopunguzwa kimyakimya na anwani niliyonyimwa kurudi

Kikambala,
Kaunti ya Kilifi.

9 Februari 2026

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi,

KUH: MPANGO WA NYUMBANI WA INTANETI YA SETILAITI

Mimi ni mteja wenu wa mpango wa nyumbani. Dishi lenu lilifungwa juu ya paa langu hapa Kikambala, upande wa bara wa barabara kuu, ambako nyaya za faiba hazijafika. Nilinunua vifaa kwa bei kamili na nimelipa kila mwezi bila kuchelewa. Ninaandika kwa sababu majibu ya simu na ya ujumbe yamekuwa yakipingana, na sasa nataka jibu moja lililoandikwa.

Naanza na kasi. Tangazo lenu lilisema data haina kikomo. Kuanzia Septemba niliona kwamba jioni za mwisho wa mzunguko wa malipo intaneti inakuwa nzito mno: video inakwama na masomo ya watoto yanakatika sauti. Afisa wenu wa kwanza alilaumu mnazi ulio nyuma ya nyumba. Wa pili alilaumu mvua. Wa tatu alisema ruta iko mbali na chumba.

Nimeyapima yote hayo. Niliunganisha kompyuta na ruta kwa waya, nikazima waifai, ili umbali wa chumba usiwe kisingizio. Saa kumi na moja alfajiri nilipata megabiti 120 kwa sekunde. Saa tatu usiku wa siku iyo hiyo nikapata 4, na muda wa kuitikia ukapanda kutoka milisekunde 45 hadi zaidi ya 200. Mvua haikunyesha. Kuhusu mnazi, kizuizi cha aina hiyo hukata huduma kwa sekunde chache setilaiti inapopita nyuma ya makuti, kisha huduma hurudi, na hufanya hivyo mchana na usiku, mwanzo wa mwezi na mwisho wake. Programu yenu ya simu ina ukurasa unaoonyesha vizuizi, na kwangu ulionyesha anga safi. Lakini kikubwa zaidi ni kwamba siku ya mzunguko mpya ilipoanza, kipimo cha saa tatu usiku kilirudi megabiti 60, dishi likiwa palepale na mnazi ukiwa palepale.

Tatizo linaloanza mwishoni mwa mzunguko, linalouma saa za jioni tu, na linaloisha siku ya malipo si la dishi. Ni uamuzi uliowekwa kwenye mfumo wenu. Nilipomsomea afisa wa nne vipimo hivyo, ndipo alipokubali kwamba mteja wa nyumbani akipitisha gigabaiti 500 katika mzunguko mmoja hupunguziwa kipaumbele. Hakatwi, wala kasi yake haifungwi kwa kiwango fulani. Anasogezwa nyuma ya foleni. Alfajiri foleni haipo, kwa hiyo haoni tofauti. Jioni, majirani wote wanapofungua televisheni, anapewa kilichobaki.

Ninaelewa kwa nini kanuni kama hiyo ipo. Setilaiti zenu zinapita angani zikihudumia ardhi iliyogawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kiasi fulani cha uwezo ambacho wote walio ndani yake wanagawana. Mtu mmoja akivuta usiku kucha, wengine wanakosa. Sipingi kugawana. Ninachopinga ni kuuziwa maneno “bila kikomo” pasipo mtu kuniambia kwamba kuna mstari wa gigabaiti 500, kwamba nikiuvuka nitasogezwa, na kwamba hakuna ujumbe utakaonijulisha siku hiyo. Programu yenu inajua nimetumia kiasi gani. Ingeweza kuniandikia nikifika 400.

Na mstari huo nyumba ya kawaida huuvuka kwa urahisi. Hesabu yangu ni hii. Lango lina kamera moja ya usalama inayopeleka picha nje kwa megabiti 1 kwa sekunde bila kupumzika. Megabiti 1 kwa sekunde, kwa muda wa saa 24, ni gigabaiti 10.8, na kwa siku 30 ni gigabaiti 324. Data inayopanda inahesabiwa sawa na inayoshuka, afisa wenu alithibitisha hilo. Televisheni ikionyesha picha angavu hutumia yapata gigabaiti 3 kwa saa; kwa muda wa saa tatu kila jioni ni gigabaiti 9. Ongeza simu na masomo ya watoto, yapata gigabaiti 3 na nusu. Jumla ni zaidi ya 23 kwa siku. Kwa mwendo huo 500 zinaisha siku ya 22, na hapo ndipo matatizo yangu yalipokuwa yakianza kila mwezi.

Nataka mtazame hiyo kamera, kwa sababu ni fundi wenu aliyeshauri ipeleke picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nilitaka picha zikae kwenye kinasa cha nyumbani, nami nizitazame nikiwa kazini. Alieleza kwamba katika mpango wa nyumbani wateja wengi wanatumia anwani moja ya IP ya nje, kwa hiyo siwezi kukifikia kinasa changu moja kwa moja kutoka nje. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini hakusema kwamba njia aliyonipa ingekula zaidi ya nusu ya kiwango ambacho sikuwahi kuambiwa kipo.

Dawa niliyopewa ilikuwa kuhamia mpango wa biashara. Afisa alisema “utakuwa mbele ya foleni”, akaishia hapo. Nilipoomba masharti kamili nikakuta ada ni zaidi ya mara mbili, na kwamba kipaumbele chenyewe ni cha gigabaiti 50 za kwanza za mwezi. Kwa matumizi ya nyumba yangu hizo zinaisha siku ya tatu. Baada ya hapo ninarudi nyuma ya foleni ileile, isipokuwa ninunue nyongeza kwa kila gigabaiti.

Mpango huo una watu wake. Zahanati inayotuma majibu ya vipimo mchana, au duka ambalo mashine ya malipo haiwezi kusubiri, hutumia data kidogo lakini inahitaji ipite bila kukwama. Kwao gigabaiti 50 za mbele ni nyingi, na kuwa na anwani ya IP ya nje iliyo yao peke yao ni jambo la maana, na wanapata afisa wa msaada anayeshughulikia hitilafu haraka. Familia inayotazama televisheni jioni inahitaji kinyume chake: data nyingi, bila haraka kubwa. Kuiuzia mpango wa biashara kama tiba ya kasi ni kuchukua pesa zake kwa kitu kitakachoisha kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Nilikataa.

Ndipo likaja la anwani ya makazi, ambalo limeniumiza zaidi. Desemba mama yangu aliugua, nikalazimika kwenda kukaa naye Wundanyi, huku nikiendelea na kazi yangu kwa mtandao. Nilibeba dishi. Lilipofunguliwa huko programu ikasema niko nje ya eneo langu la huduma. Nilipiga simu, na afisa akaniambia suluhisho ni rahisi, nibadilishe anwani kwenye akaunti. Nilimuuliza waziwazi kama nitaweza kuirudisha nikirejea nyumbani. Akasema ndiyo, wakati wowote.

Niliporudi Januari nikaambiwa Kikambala imejaa. Nafasi yangu ilitolewa siku ile niliyobadilisha anwani, mtu mwingine akaichukua, nami nimewekwa kwenye orodha ya kungojea isiyo na tarehe. Dishi liko juu ya paa langu, limelipiwa, na linakataa kufanya kazi hapa. Mama naye bado anahitaji uangalizi na fedha, na mimi ninafanya kazi kwa bando za simu zenye gharama kubwa.

Kwamba huduma ya nyumbani imefungwa kwenye mahali pamoja, hilo nalo lina sababu, na ni ileile ya foleni: mnahesabu wateja wa kila eneo ili msiuze kupita uwezo. Lakini kwa sababu hiyohiyo afisa alipaswa kunionya kwamba kubadilisha anwani ni kuachia nafasi, wala si kuhama kwa muda. Angeniambia, dishi lingebaki Kikambala na mimi ningetafuta njia nyingine huko Wundanyi.

Na kuna jambo ambalo naomba mlijibu bila kuzunguka. Afisa aliyeniambia eneo limejaa aliniambia papo hapo kwamba nikilipia mpango wa biashara nitaunganishwa leo, kwenye paa hilihili. Setilaiti ni zilezile na eneo ni lilelile. Kama uwezo umekwisha, mteja wa biashara atakayewekwa mbele atawapunguzia majirani zangu kile kidogo walicho nacho jioni. Kama haujaisha, basi mimi ninazuiliwa ili nilipe zaidi. Nielezeni ni lipi kati ya hayo mawili.

Ninaomba, kwa maandishi, mrudishe anwani yangu ya Kikambala kwenye mpango wa nyumbani kama ilivyokuwa kabla ya Desemba, kwa kuwa niliiachia kwa kufuata maelezo yenu. Simu zenu hurekodiwa, isikilizeni ile ya Desemba. Mnirudishie ada mliyoitoza tangu Januari, muda ambao sikuweza kutumia huduma. Pia mniandikie kiwango halisi cha matumizi katika mpango wangu, tarehe na saa kinapoanza upya, na kama mteja anasogezwa nyuma tu au kasi yake inafungwa pia. Na ujumbe wa onyo uwekwe kwenye programu kabla mteja hajafika hapo, na mwingine kwenye ukurasa wa kubadilisha anwani kabla hajabonyeza.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu huduma anayolipia. Ninasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipofika, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na picha za vipimo vya kasi, stakabadhi za malipo na ujumbe wa orodha ya kungojea. Nakala za hivyo vyote nimeziambatisha hapa.

Wako mwaminifu,

Mteja wa mpango wa nyumbani,
Kikambala.