Shukrani kwa mwenye duka la khanga, Kariakoo

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako silitaji kwa kuwa hukutaka, lakini ulichonitendea nataka watu wakijue.

Kazi yetu ya darasani ilikuwa video ya dakika 5 kuhusu biashara ya khanga. Niliandikia maduka matatu barua pepe ya mstari mmoja: "Naomba kurekodi dukani kwako." Mawili hayakujibu, na sasa naelewa kwa nini. Wewe ulinijibu kwa maswali: mko wangapi, siku gani, saa ngapi, mna vifaa gani, wateja wangu wataonekana, na video itaonwa na nani?

Nikaandika upya. Tuko wawili, kamera moja na stendi yake, Jumanne saa 2 hadi saa 3 asubuhi, itaonyeshwa darasani tu, na utaiona kwanza kabla hatujaiwasilisha. Jioni ileile ukakubali.

Siku yenyewe ulibandika karatasi mlangoni kuwaarifu wateja. Daftari la madeni ukalitoa mezani, maana majina ya watu yangesomeka. Ulipotusikia tukilalamika kuwa feni inavuma kwenye sauti, ukaizima, ukakaa na joto lile saa nzima. Mama mmoja alipokataa kurekodiwa, ukatuomba tugeuze kamera kwenye rafu, ukamhudumia taratibu mpaka akaondoka.

Wenye maduka, mwanafunzi akiwaletea ombi lisilojitosheleza, mrudishieni maswali kama aliyonirudishia mzee huyu. Ahsante sana, baba.