Kabla hatujatuma bei nyingine

Habari za jioni wapendwa. Mnunuzi wetu wa Nairobi amejibu barua pepe ya jana kwa swali moja: "Sh4,000 ya wapi?" Ana haki, maana shilingi yetu na yao si moja. Basi tuandike TZS 4,000: msimbo mbele, nafasi moja, kisha tarakimu, bila "/=" mwishoni.

Uzito ni 50 kg, kwa nafasi na k ndogo. K kubwa ni kelvini, kipimo cha joto! Alama ya asilimia tuibandike kwenye tarakimu bila nafasi: 18%. Kwa maneno, Kiswahili hutanguliza kipimo: kilo 50, asilimia 18. Kwenye Word, Ctrl+Shift+Space huzuia kg kushukia mstari unaofuata na kuiacha 50 peke yake.

Nitatuma bei upya kesho asubuhi.