Marejesho 38 kwenye foleni, na hakuna hata moja lililotoka

Wateja wetu kadhaa wametuuliza swali hilohilo: "Kikomo nimeweka 20, foleni ilikuwa na marejesho 38. Mbona mfumo haukulipa 20 za kwanza ukabakiza 18?" Tulikusudia iwe hivyo, na sababu yake ni hii.

Programu ya kuwarejeshea wanunuzi pesa huamka kila saa, na katika kila mzunguko hukusanya maombi yenye hali ya `pending` na kuyalipa bila kumsubiri mtu aidhinishe. Kwa duka la mtandaoni ambalo kwa kawaida hurejesha oda mbili hadi sita kwa saa, tunaanza na mipaka kama hii. Kiasi hakina sarafu hapa, weka yako:

```
max_count_per_run = 20
max_amount_per_run = 60000
max_amount_single = 15000
on_limit = stop
```

Kikomo cha idadi kinalinda dhidi ya orodha isiyo sahihi. Tuseme mtu anahamisha data za zamani kuja kwenye mfumo mpya, na oda 1,340 zilizokwisha kumalizika zikaandikwa `pending` kwa makosa. Kama programu ingelipa 20 kisha ikapumzika, saa inayofuata ingelipa 20 nyingine, na kabla ya siku kuisha ingekuwa imetoa malipo 480. Hapo kikomo kingekuwa kimepunguza kasi tu, pesa zikiendelea kutoka. Zaidi ya hayo, ikiwa orodha yenyewe ina kasoro, hakuna sababu ya kuamini kwamba 20 za juu ni safi. Ndiyo maana programu huhesabu orodha nzima kwanza, na ikizidi, hailipi chochote. Hujifunga, humtumia msimamizi ujumbe, na haiamki tena mpaka mtu aifungue.

Kikomo cha kiasi kinakamata kosa la aina nyingine. Mara nyingi kiasi huhifadhiwa kwa senti. Msanidi akisahau kugawa kwa 100, rejesho la 4,500 linageuka 450,000. Hilo litazuiwa na kikomo cha rejesho moja. Lakini rejesho dogo la 90 likigeuka 9,000 linapita, kwa sababu halijafika 15,000. Yakiwa manane ya namna hiyo, idadi bado haijafika 20, na kila moja peke yake halishtui mtu. Jumla yake tu, 72,000, ndiyo inayovuka 60,000 na kusimamisha mzunguko.

Rejesho linaweza pia kulinganishwa na malipo ya awali, nasi tunafanya hivyo. Malipo ya kwenda kwa wauzaji hayana kitu cha kulinganisha nacho, kwa hiyo huko jumla ndiyo kinga kubwa, na tunakuomba usiizime.

Rejesho moja kubwa halisimamishi mengine. Likizidi `max_amount_single` linatolewa kwenye orodha na kupelekwa kwa mtu wa kuidhinisha, kisha yaliyobaki ndiyo yanayohesabiwa. Tungefanya vinginevyo, mnunuzi mmoja wa bidhaa ghali angewachelewesha wote walio nyuma yake.

Kuna pengo ambalo mipaka ya mzunguko mmoja haiwezi kuliziba. Mfanyakazi akibonyeza kitufe cha kulipa sasa mara tano, hiyo ni mizunguko mitano, na kila mmoja unaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kwa hiyo tunaweka pia kikomo cha saa 24 zilizopita, na tunazuia mizunguko miwili kwenda kwa wakati mmoja. Malipo yaliyotumwa lakini benki haijajibu tunayahesabu kama yametoka, kwa sababu huenda kweli yametoka.

Katika kupanga namba zako, usitumie wastani. Tazama siku 90 zilizopita, tafuta mzunguko uliokuwa mkubwa kuliko yote, kisha zidisha kwa mbili. Kikomo kinachogongwa kila wiki ni kibaya kama kutokuwa nacho: watu huzoea kufungua bila kutazama.

Siku ikifika ambapo 38 ni halali, kwa mfano umefuta shehena nzima ya bidhaa mbovu, fungua orodha hiyo mara moja tu na uache kikomo palepale kilipokuwa. Kabla ya kubonyeza, angalia tarehe ya oda ya zamani kuliko zote, linganisha viasi vitatu au vinne na malipo yake ya awali, na tazama kama akaunti moja inajirudia. Oda za miaka miwili nyuma zikionekana pale, usifungue, tupigie kwanza.