Jina la asali yetu

Sikonge

Shoga yangu Mwaju,

Habari za Dar, na watoto? Huku wazima, ila mavuno yametushika na nguo zote zanuka moshi. Mama Zai kaniambia huwezi kuchora lebo bila jina, basi nakuandikia kabla hujatukasirikia.

Kikao cha kikundi cha kuchagua jina kilikuwa cha kelele. Mzee Kasele ameng'ang'ania "Asali Dawa". Nikamuuliza inatibu nini, akajibu "kila kitu." Siku TMDA wakiuliza usajili wa dawa hiyo, atajibu yeye? Vijana nao wanataka "Safi 100%". Shoga, kila chupa ya barabarani imeandikwa hivyo, hata ile ya sukari iliyochemshwa. "Asali hai" pia nimeikataa: nyuki huruka kilomita kadhaa, na hapa mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa hayako mbali.

Mimi napenda jina la mahali. Tatizo ni mahali gani. Tukiandika Ipole, mwaka wa maua machache tutanunua ndoo kwa jirani wa kijiji kingine, na jina litakuwa uongo. Jina la mti, mtundu kwa mfano, halifai pia, kwa sababu nyuki wa miombo huchanganya maua. Mizinga yetu yote, ya magogo na ya masanduku, iko ndani ya wilaya. Kwa hiyo nasema "Nyuki wa Sikonge", basi. Najua neno la mahali si mali ya mtu, wengine nao watalitumia. Ndiyo maana nataka mchoro wako ututofautishe tukienda BRELA kusajili nembo.

Usafi tuuonyeshe chini ya jina, kwa maandishi madogo: kijiji, mwezi wa kuvuna, namba ya ndoo, na unyevu tuliopima. Kipimo tunacho sasa. Tukipata zaidi ya asilimia 20, ndoo haiingii kwenye chupa, maana asali ya masega yasiyozibwa huchacha na kufurisha kifuniko. Mzee Kasele kanuna, ndoo yake ilirudishwa. Lakini mteja akipiga simu akitaja namba, tunafungua daftari na kumtajia mzinga. Na Kasele atasema... aah, mwache.

Halafu andika kwamba asali ikiganda haijatiwa sukari, iwekwe kwenye maji ya vuguvugu tu. Watu hutupa chupa nzima kwa hilo!

Je, mchoro wa gogo lililotundikwa mtini utaonekana kwenye chupa ya nusu kilo? Namba ya ndoo tuijaze kwa kalamu, au wino utafutika kwa mikono yenye asali? Na wateja wako wa Kariakoo, ukiwatajia Sikonge, wanajua iko Tabora au tuandike mkoa pia? Bei ya kuchapa ikoje siku hizi?

Nijibu upesi, shoga.

Wako,
Tatu